Unaacha kazi? Toa akaunti zako kwenye barua pepe ya ofisi kabla haijafungwa

Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya kompyuta ofisini, kwa hiyo mtu akiondoka mimi ndiye ninayemfungia. Ni kazi ya dakika moja. Kwenye Google Workspace nafungua jina lake, nabonyeza Suspend user, nathibitisha. Papo hapo simu yake inamtoa, barua hazimfikii tena, na kila huduma aliyozoea kuingia kwa kitufe cha Sign in with Google inamkatalia. Baada ya siku mbili tatu ujumbe wa WhatsApp unaingia: "Kaka samahani kwa usumbufu, naomba unifungulie dakika tano tu, kuna namba ya uthibitisho inatumwa kwenye ile email."

Mara nyingi siwezi. Kufungua akaunti ya mtu aliyekwishaondoka kunahitaji kibali cha bosi na cha ofisi ya utumishi, na wao hawaoni sababu. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na ujumbe huo. Kwa mfano nitamchukua mbunifu wa michoro kwenye wakala wa matangazo Dar es Salaam. Kampuni inamlipia Google Workspace, Canva, Adobe na mafunzo ya LinkedIn, na imempa laini ya simu. Majina ya huduma zako yanaweza kuwa mengine, lakini hatua ni zilezile.

Anza kabla ya kupeleka barua ya kuacha kazi

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa au kupewa notisi isiyopungua siku 28. Wengi huhesabu kwamba wana wiki nne za kupanga mambo yao. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri akulipe fedha badala ya notisi, na kwenye ofisi zenye siri za wateja ndivyo inavyofanyika: unapeleka barua asubuhi, mchana unarudisha kompyuta. Kwa hiyo kuhamisha akaunti zako binafsi ni kazi ya kufanya kabla ya barua, tena wala si uhaini. Ungepaswa kuwa umeifanya tangu mwaka wa kwanza.

Nasema akaunti zako binafsi, si mafaili ya kampuni. Msimamizi wa mfumo anaweza kuona kumbukumbu za nani alipakua faili gani kwenye Drive na saa ngapi. Mtu akipakua folda nzima ya wateja Ijumaa, akaleta barua Jumatatu, kumbukumbu hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa. Kuamuru barua pepe zote za ofisi zijitume kwenye Gmail yako ni kosa la aina hiyohiyo.

Pitia kila akaunti kwa maswali matatu

Nani analipa? Anwani gani inafungua? Vilivyomo ndani ni vya nani? Watu hujiuliza swali la kwanza tu, wakadhani kampuni ikilipa basi akaunti ni ya kampuni, au wakilipa wao basi ni yao. Sivyo. Mbunifu wetu akijibu maswali yote matatu, akaunti zake zinagawanyika hivi.

Google Workspace ni ya kampuni moja kwa moja. Anwani ni ya kampuni, Drive ni ya kampuni, na hakuna cha kuhamisha ila nakala za karatasi zake binafsi: wasifu, vyeti, mkataba wa ajira, hati za mshahara. Usipoteze muda kujaribu kuhamisha umiliki wa faili kwenda Gmail yako, maana Google hairuhusu umiliki utoke kwenye akaunti ya kampuni kwenda akaunti binafsi. Pakua nakala, iweke kwako.

LinkedIn ni yake, hata kama aliifungua kwa anwani ya ofisi na kampuni ndiyo inayolipia mafunzo. Kampuni ikiondoka, kinachokatika ni mafunzo. Wasifu na watu wake wanabaki. Anachohitaji ni kubadilisha anwani, na kupakua vyeti vya kozi alizomaliza wakati bado anaweza kuzifungua.

Canva na Adobe ndizo zenye mchanganyiko, nitazirudia.

Tafuta akaunti ulizozisahau

Usitegemee kichwa. Fungua barua pepe ya ofisi kwenye kompyuta, bandika hii kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
subject:(welcome OR verify OR confirm OR receipt OR invoice OR renewal)
```

Soma majina ya watumaji tu, usifungue kila barua. Mara nyingi utakutana na vitu ambavyo hukuwahi kuvifikiria kama mambo ya ofisi: duka la mtandaoni, tiketi za ndege, shule ya mtoto, Ajira Portal. Ndiyo, wapo watu wanaotafuta kazi nyingine kwenye portal ya Sekretarieti ya Ajira kwa barua pepe ya mwajiri wa sasa. Ikifungwa, hata taarifa ya kuitwa kwenye usaili hawaipati.

Kisha, ukiwa umeingia kwa akaunti ya ofisi, nenda hapa:

```
myaccount.google.com/connections
```

Ukurasa huo unaorodhesha kila huduma uliyoingia kwa Sign in with Google. Hii ndiyo orodha ya hatari zaidi, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazina nenosiri kabisa. Google ndiyo iliyokuwa inakufungulia mlango.

Mwisho angalia manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome. Kama unatumia Chrome ukiwa umeingia kwa akaunti ya ofisi, hata nenosiri la benki yako linaweza kuwa limehifadhiwa huko. Chrome ina amri ya kuyatoa yote kwa mpigo, lakini sikushauri: faili linalotoka halina ulinzi wowote, yeyote anayelifungua anayasoma, na ndani yake yamo manenosiri ya kampuni pia. Chukua yako moja moja, uyahifadhi kwenye akaunti yako, kisha uyafute kule.

Kubadilisha anwani: mpangilio ndio kila kitu

Kwenye LinkedIn nenda Settings & Privacy, kisha Sign in & security, kisha Email addresses. Ongeza Gmail yako. Fungua Gmail, bonyeza kiungo cha kuthibitisha. Rudi, ifanye Gmail iwe anwani kuu. Hapo sasa toka kabisa kwenye akaunti, uingie upya kwa Gmail. Ikikubali, ndipo unafuta anwani ya ofisi.

Mpangilio huo usiuvuruge. Anayefuta ya zamani kabla ya kuthibitisha mpya anaweza kujifungia nje. Anayeongeza mpya lakini akaacha ya zamani ibaki anajiachia tatizo la pili, ambalo wengi hawalijui. Tukishafunga akaunti ya mtu, mara nyingi anwani yake haifi. Tunaielekeza kwenye sanduku la bosi wake au la aliyeshika nafasi yake, ili barua za wateja zisipotee. Maana yake mtu akibonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye akaunti yako, kiungo cha kubadilisha kinamwangukia bosi wako wa zamani. Na akija kuajiriwa mtu mwenye jina kama lako, anaweza kupewa anwani ileile. Kwa hiyo kufuta ile ya zamani ni lazima.

Huduma nyingi pia hutuma ujumbe kwenye anwani ya zamani kuuliza kama kweli unataka kubadilisha. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki baada ya kufungiwa, hata kama nenosiri unalikumbuka.

Kwa zile zisizo na nenosiri kuna hatua moja ya ziada. Toka kwenye huduma, nenda ukurasa wa kuingia, andika anwani ya ofisi, bonyeza "nimesahau nenosiri". Kiungo kitakuja kwenye barua ya ofisi. Weka nenosiri jipya. Sasa akaunti ina njia yake yenyewe ya kuingilia, na unaweza kubadilisha anwani kama kwenye LinkedIn. Ukikutana na huduma inayokataa kubadilisha anwani ya aliyeingia kwa Google, usipigane nayo sana. Fungua akaunti mpya kwa Gmail, hamisha vilivyo vyako, kisha ifute ile ya zamani.

Namba za uthibitisho

Hapa wanakwama hata waliofanya yote ya juu. Umebadilisha anwani, nenosiri unalo, lakini huduma inaomba namba sita kutoka Google Authenticator. Programu hiyo huweza kuhifadhi namba zake kwenye akaunti ya Google, na ikiwa akaunti hiyo ni ya ofisi, siku ya kurudisha simu namba zote zinabaki huko. Fungua programu, tazama juu kulia ni akaunti gani imeingia. Kama ni ya ofisi, tumia Transfer accounts kuzihamishia simu yako kwa kupiga picha ya msimbo wa mraba. Chagua zako tu. Baada ya hapo jaribu kuingia kwenye huduma mojawapo kwa kutumia simu mpya kabla ya kufuta chochote kwenye ya zamani.

Laini ya ofisi

Laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni ni ya kampuni, hata kama umeitumia miaka sita na mama yako ameihifadhi kichwani. Unaweza kuomba wakuachie na waibadilishe usajili iwe kwa jina lako. Kampuni nyingine hukubali. Ila usipange maisha kwa kutegemea jibu hilo.

Anza na benki, kwa sababu ndiyo inayochukua muda. Kubadilisha namba inayopokea ujumbe wa benki kwa kawaida kunataka ufike tawini na kitambulisho, na huenda mabadiliko yasifanye kazi siku hiyohiyo. Kisha hela za simuni: toa salio lote, na kama una deni la Songesha au mkopo wowote unaokatwa kwenye laini hiyo, limalize. Deni lililobaki kwenye laini ya kampuni linamkuta atakayepewa laini hiyo, na simu itakayopigwa kuhusu deni hilo haitakuwa ya upole.

WhatsApp acha mwisho. Ina amri ya Change number kwenye Settings, Account, na inahamisha akaunti yako yote kwenda namba mpya, makundi yakiwemo. Kama WhatsApp hiyo ni yako binafsi iliyofunguliwa tu kwenye laini ya ofisi, itumie. Lakini kama ndiyo namba wanayoagizia wateja, usiiguse amri hiyo. Ukihamisha, umeondoka na mazungumzo ya wateja wote, na mwajiri ana haki ya kukasirika. Hapo fungua akaunti mpya kwenye laini yako, waarifu ndugu na marafiki namba mpya mmoja mmoja, toka kwenye makundi yako ya binafsi ukitumia namba ya zamani, na uikabidhi WhatsApp ya kazi pamoja na namba yake ya siri ya hatua mbili. Usipoikabidhi hiyo namba ya siri, watakutafuta.

Canva na Adobe: ya kampuni na yako ndani ya mlango mmoja

Canva hufanya kazi kwa timu. Mbunifu wetu anaingia mara moja, lakini ndani yuko sehemu mbili: timu ya wakala, na upande wake mwenyewe. Kazi iliyotengenezwa ikiwa timu ya wakala ndiyo imechaguliwa inabaki kwenye timu, hata kama ni kadi ya harusi ya dada yake aliyoitengeneza Jumamosi usiku. Akitolewa kwenye timu, haioni tena. Kwa hiyo abonyeze jina la timu, aangalie kila upande kuna nini, na kazi zake binafsi azipakue au azitengeneze upya upande wake. Rangi na nembo za wateja zilizohifadhiwa kwenye timu aziache zilivyo.

Jambo moja linaloshangaza watu: kazi iliyotumia picha au michoro ya kifurushi cha kulipia bado inafunguka kwenye akaunti ya bure, lakini ukitaka kuipakua upya ukiwa umeibadilisha, vipande vile vinadai malipo. Kilichopakuliwa mapema kama PDF au PNG hakina shida hiyo.

Adobe inauliza waziwazi unapoingia: Personal Profile au ile yenye jina la kampuni. Wengi hubonyeza ya kampuni bila kufikiri, kwa sababu ndiyo inayofungua Photoshop. Faili zilizohifadhiwa kwenye wingu la Adobe chini ya wasifu wa kampuni ni za kampuni, na leseni ikiondolewa hazifikiki. Fonti za Adobe nazo zinazimika: ukifungua kazi ya zamani kwenye programu nyingine, maandishi yanakuja na fonti ya kubahatisha na mistari inaruka.

Ndiyo maana kwa mkoba wa kazi zako za kuonyesha waajiri, faili la Photoshop halikufai sana. Unahitaji PDF au PNG. Na kabla ya kuzitoa, soma mkataba: mikataba mingi ya ajira inasema kazi uliyoifanya ukilipwa ni mali ya mwajiri. Andika barua fupi kwa bosi ukitaja kazi zipi unaomba kuzionyesha, hasa zile ambazo tayari ziko kwenye mabango barabarani. Mara nyingi hukubaliwa, na jibu lake lihifadhi kwenye Gmail yako.

Upande wa pili: mali ya kampuni iliyo kwako

Kwenye ofisi ndogo hili ndilo linalozua ugomvi zaidi. Ukurasa wa Facebook wa kampuni ulifunguliwa na mfanyakazi kwa akaunti yake, kwa sababu siku ile ndiye aliyekuwa na bando. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa Gmail yake. Matangazo yanalipiwa kwa kadi yake kisha anarudishiwa.

Kwenye ukurasa wa Facebook, fungua Page access, mwongeze mtu wa kampuni na umpe udhibiti kamili. Subiri akubali mwaliko. Mwambie aingie kwa simu yake na abadilishe kitu kidogo, ili mjue kweli ana mamlaka. Ndipo ujitoe. Ukijitoa ukiwa msimamizi pekee, kumrudishia kampuni ukurasa huo kunakuwa safari ndefu.

Kwa jina la tovuti, ingia kwa msajili mlikolinunua, badilisha barua pepe ya mmiliki iwe ya kampuni, tena ya ofisi kwa ujumla kama info@, siyo ya mtu mmoja. Kisha mpe bosi orodha iliyoandikwa: huduma gani, inalipwa lini, kwa kadi ipi, nani ana nenosiri. Omba asaini kuipokea. Karatasi hiyo ndiyo kinga yako tovuti ikizimika miezi mitatu baadaye.

Kadi

Kuna njia mbili za fedha kukwama. Ya kwanza: kadi yako iko kwenye huduma ya kampuni, na unarudishiwa fedha kwa kuleta risiti. Ukishaondoka hakuna wa kukurudishia, lakini kadi itaendelea kukatwa. Iondoe kadi kwenye ukurasa wa malipo baada ya kampuni kuweka ya kwao. Kama hawaweki, kata kifurushi na uwaarifu kwa maandishi kitaisha tarehe ngapi. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Uliyojiunga kupitia Android yanasitishwa Google Play, kwenye Payments & subscriptions.

Ya pili ni kinyume chake: kadi ya kampuni imebaki kwenye akaunti yako binafsi. Labda mwajiri alikulipia LinkedIn Premium, na akaunti ni yako. Ondoa kadi hiyo hata kama hakuna aliyekuuliza. Mhasibu akiona makato miezi miwili baada ya wewe kuondoka, haiti hayo usahaulifu. Kifurushi cha mwaka kilichokwisha kulipwa kwa kawaida kinaendelea hadi tarehe yake ukizima kujirudia, kwa hiyo zima mapema, hupotezi kitu.

Siku ya mwisho na wiki zinazofuata

Kabla ya kurudisha simu ya Android, ondoa akaunti yako ya Google kwenye Settings ndipo uifute yote. Ukiifuta bila kuiondoa, kuna ulinzi unaoweza kudai nenosiri lako simu inapowashwa, na ofisi itakupigia. Kwenye iPhone ni Find My inayotakiwa kuzimwa kwanza.

Ukigundua umeacha kitu baada ya kufungiwa, andika siku hiyohiyo. Akaunti ya Google Workspace iliyofutwa inaweza kurudishwa na msimamizi ndani ya siku 20; ya Microsoft 365 ndani ya siku 30. Baada ya hapo sina cha kukusaidia, hata ukija na kibali cha mkurugenzi mkuu. Taja kitu kimoja mahususi, kwa mfano "naomba hati zangu za mshahara za Januari hadi Juni", usiombe kufunguliwa akaunti. La kwanza ofisi ya utumishi inaweza kukutumia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuomba taarifa zako zilizo mikononi mwao. La pili watalikataa.

Taarifa ya kadi yako ipitie mwezi wa kwanza na wa pili baada ya kuondoka, mstari kwa mstari. Kiasi kidogo cha dola kilichokatwa na jina usilolitambua mara nyingi ni huduma ya ofisi uliyoijaribu bure wiki mbili, ukaisahau, na risiti zake zote zikawa zinaenda kwenye ile anwani.